Majirani, Tusiwawekee Paka Sumu Tena

Mwezi huu hatutazungumzia mapishi wala mavazi ya watoto. Mtaani kwetu hapa Dar es Salaam uliitishwa mkutano kuhusu paka wanaozurura nyuma ya soko, na sisi akina mama wachache tuliombwa tuseme neno kabla watu hawajaamua. Baadhi yenu huko mliko mna shida hiyo hiyo, basi tunawaletea tuliyoyasema, pamoja na maswali tuliyoulizwa.

Tulianza hivi: Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na baba zetu, shikamooni. Tunajua mmechoka. Usiku mashume wanapigana juu ya mabati mpaka watoto wachanga wanashtuka. Kuta zinanuka mikojo, na mboga ikiachwa wazi dakika mbili haipo tena. Hatukuja kuwaambia kwamba hayo si kitu. Lakini mwaka jana tulitega sumu kwenye vichwa vya samaki, na wote tunakumbuka kilichotokea. Walikufa paka, wakafa na kuku wa jirani yetu, na mtoto wa miaka mitatu alikutwa ameshika kichwa kimoja cha samaki mkononi, bado hajakitia kinywani. Baada ya miezi michache paka walikuwa wamejaa tena. Sasa tunaombwa kuchangia sumu nyingine.

Kwa nini walirudi? Kwa sababu tuliondoa paka tukaacha chakula. Mabaki ya samaki yanamwagwa pale kila jioni. Paka wakazi wakifa, wa mitaa ya jirani wanaona nafasi imebaki wazi, nao wanahamia. Wawili au watatu walionusurika wanazaa, na watoto wao wanakuta chakula tele. Hata tukiwafunga kwenye magunia na kuwatupa mbali, itakuwa vile vile.

Tulikaa jioni tatu pale nyuma ya soko, saa ile ile, tukiandika kwenye daftari rangi ya kila paka. Mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya manjano, karibu kila mara ni jike. Mwenye mashavu mapana na makovu usoni mara nyingi ni dume. Tulipata wakubwa 12, majike 7 na madume 5.

Hapo mzee mmoja alitusikiliza kwa mashaka akasema kwamba paka mmoja akiachwa atajaza mji mzima. Tukamjibu kwamba hesabu za namna hiyo husahau vifo. Watafiti wa North Carolina, Marekani, waliofuatilia paka wasio na wenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2004, waliona kwamba jike alizaa kwa wastani mara 1.4 kwa mwaka, na kwa kawaida watoto 3. Kati ya watoto wanne, watatu walikufa au kupotea kabla ya kufikisha miezi 6. Tukichukua kipimo hicho, majike wetu 7 watazaa mara 10 hivi, yaani watoto 30. Watabaki 7 au 8, na wale 22 wengine wataishia mitaroni, chini ya magurudumu na midomoni mwa mbwa. Paka 12 wanakuwa 19 au 20, na njiani tumeokota maiti 22 za watoto wa paka. Huku kwetu huenda ni zaidi, maana kule siku zinapokuwa fupi majike hupumzika kuzaa, lakini hapa mchana na usiku karibu unalingana mwaka mzima, nao hawana msimu wa kupumzika. Jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, huibeba kwa miezi miwili hivi, na anaweza kushika nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha.

Kwa hiyo tunachoomba ni kwamba paka hawa wakamatwe, wafungwe kizazi na daktari wa wanyama, kisha warudishwe pale pale walipotolewa. Neno hilo la kurudishwa ndilo lililoleta minong'ono mkutanoni. Lakini paka aliyerudishwa anaishika ile nafasi bila kuijaza watoto. Dume aliyehasiwa hupunguza kupigana, kulia usiku na kunyunyiza mkojo ukutani, ingawa si siku ile ile, kwani huchukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo za mwanzo bado anaweza kutia mimba.

Mama mmoja aliuliza kwa nini wasipigwe sindano za uzazi wa mpango kama sisi. Watu walicheka, lakini swali ni zuri. Dawa za namna hiyo zipo kwa paka. Ubaya wake ni kwamba kwao zinaweza kuleta usaha katika mji wa mimba na uvimbe kwenye matiti, na tena zinatakiwa kurudiwa kila baada ya muda. Nani atamkamata shume yule yule mara tatu kwa mwaka? Paka aliyeingia mtegoni mara moja hajisahau upesi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwa wiki moja au mbili chakula kinawekwa mahali pamoja, saa moja, na mabaki yanaondolewa baada ya nusu saa. Mtego ni kasha la waya lenye mlango unaojifunga paka akikanyaga kibao cha ndani. Mwanzoni mlango unafungwa kwa kamba usianguke, ili wazoee kuingia na kutoka. Siku moja kabla hawapewi kitu, maana paka aliyeshiba hapiti mlangoni. Jioni ya kutega tunaweka dagaa kidogo mwisho kabisa wa kasha, tunatandika gazeti chini, tunasimama mbali. Mara mlango ukifunga tunalifunika kasha lote kwa kanga nzito, naye hutulia gizani. Asitolewe kwa mkono hata akionekana mpole. Usiku huo hapewi chakula, maji tu, kwa sababu akitapika akiwa kwenye nusukaputi anaweza kupaliwa akafa.

Daktari humtoa jike mji wa mimba pamoja na vifuko vya mayai, na dume humtoa korodani. Hapo hapo, akiwa bado amelala, huchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa na hukatwa ncha ya sikio moja, kipande kidogo kama ukucha. Mtu mmoja alisema huo ni ukatili. Jamani, paka hausikii wakati ule, na bila alama hiyo tutamkamata jike yule yule tena na kumpasua tumbo bure. Sikio lililokatika mraba linaonekana hata kwa tochi.

Baada ya upasuaji dume hulala usiku mmoja ndani ya kasha, jike siku moja au mbili, mahali pakavu penye kivuli pasipo na watoto. Tunachoangalia ni kama ameamka sawasawa, kama anakula, na kama kidonda ni kikavu. Akiendelea kulegea, fizi zikiwa nyeupe, au damu ikidondoka, anarudishwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Na tafadhalini, asipewe Panadol kwa huruma. Kidonge kimoja tu kinatosha kumuua paka.

Mama anayenyonyesha ana utaratibu wake. Mgeuze macho kwenye tumbo lake akiwa ndani ya kasha. Chuchu zikiwa zimevimba na manyoya yamenyonyoka kuzizunguka, ana watoto mahali wanamngoja. Huyo apasuliwe kwanza asubuhi na arudishwe ndani ya siku moja. Maziwa hayakauki kwa kufungwa kizazi. Wengi hawakuamini hili, lakini ndivyo ilivyo, atanyonyesha kama kawaida.

Linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kuifanya nusu. Watu hukamata paka watatu wanaokamatika kwa urahisi, wanapiga picha, wanachoka. Kwa kundi letu la 12 tunahitaji kufikia angalau 9 ndani ya muda mfupi, na majike wote 7 wawemo. Kuhasi madume peke yao hakusaidii, kwa maana dume mmoja aliyebaki anawatosha majike wote. Pia kila mwezi daftari lifunguliwe. Akionekana paka mwenye sikio zima, ni mgeni, naye akamatwe kabla hajazaa. Idadi haitashuka wiki ijayo. Itashuka polepole, kwa kadiri wazee wanavyokufa bila wapya kuzaliwa, na ikiwa mapipa ya mabaki ya samaki yatafunikwa. Mtaa usiofunika mapipa usitulaumu.

Gharama tulizitaja bila kuficha. Jike ni ghali kuliko dume kwa sababu tumbo linafunguliwa. Tulipendekeza mchango ule ule uliokusudiwa kununua sumu uanzie hapo. Na kazi ya kisu ni ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa, si ya kijana mwenye wembe. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na paka wa jalalani naye ni mnyama.

Mwenyekiti aliuliza kuhusu kung'atwa. Tukasema: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama paka alionekana mzima.

Swali gumu kuliko yote liliulizwa mwishoni, na mama mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya muda wote. Je, mkimkamata mwenye mimba? Hatukumficha. Daktari anaweza kumfunga, na mimba hiyo haiendelei. Wako wanaofanya hivyo siku zote, kwa hoja kwamba watoto wengi wangekufa mitaroni hata hivyo. Wengine hawawezi. Mkutano ulibishana karibu nusu saa, na sisi wenyewe hatukuwa na kauli moja. Mwisho ilikubaliwa kwamba mwenye mimba changa aachiwe daktari aamue, lakini aliye karibu kuzaa aachwe. Anajulikana kwa tumbo lililoshuka na watoto wanaocheza ndani yake.

Katika daftari letu yupo mmoja wa namna hiyo, jike wa rangi tatu anayelala chini ya meza ya muuza nazi. Muuza nazi amekubali kumwekea boksi la karatasi na gunia. Watoto wakifikisha wiki nane watakuwa wameacha kunyonya na wanaweza kufungwa wao wenyewe wakiwa na kilo moja hivi, kwa hiyo tumeandika tarehe ya kurudi na mtego kumchukua mama na watoto pamoja. Kwa wengine, kasha limewekwa nyuma ya soko tangu Jumatatu, mlango umefungwa kwa kamba, na mama lishe wawili wameahidi kwamba siku ya kutega hawatamwaga hata kichwa kimoja cha samaki.