Maoni Yetu: Huruma apewe, cheti akifanyie jaribio

Muuguzi yuko kwenye warsha ya siku tatu ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Siku ya mwisho, mchana, anapigiwa simu: mwanawe ameungua na uji, anakimbizwa hospitali. Anaondoka mbio. Wiki inayofuata anaandika kuomba cheti chake. Apewe?

Tunasema asikilizwe, ila asipewe cheti cha kufuzu papo hapo. Mchana ule ndipo lilipofanyika jaribio la vitendo. Kila mshiriki hupewa mwanasesere asiyepumua. Anamkausha, anamchangamsha kwa kumsugua mgongo, na akiona bado hapumui anampa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mkufunzi hutazama kama kifua kinapanda, na hapo ndipo barakoa isiyokaa vizuri usoni hujulikana. Cheti cha kufuzu maana yake ameonekana akiyafanya hayo. Dharura inaeleza kwa nini hakuonekana; haiwezi kuwa ushahidi kwamba anaweza.

Barua nyingi za namna hii hujaa masaibu, ombi likafichwa mstari wa mwisho. Mratibu anataka mambo machache tu, kwa mfano: “Niliondoka siku ya tatu saa 8:10 mchana kwa dharura ya kifamilia, baada ya kumuaga mkufunzi. Nilikosa jaribio la vitendo. Naomba nipangiwe siku ya kulifanya. Isipowezekana, naomba cheti cha ushiriki kinachotaja vipindi nilivyohudhuria.” Barua hiyo inajibika kwa dakika tano, na hakuna anayelazimika kusema uongo ili kuikubali.

Kosa kubwa ni kumwomba mwenzako akusainie mahudhurio ya mchana. Mara nyingi karatasi hiyo hiyo ndiyo hutumika kulipia posho. Ikigundulika, hakuna atakayeuliza tena habari za mtoto aliyeungua. Utaulizwa habari za sahihi.

Waandaaji nao wasijifiche nyuma ya neno “utaratibu” ambao hawakuuandika popote. Asubuhi ya kwanza wawatangazie washiriki vipindi ambavyo lazima mtu awepo, nani anaruhusiwa kufanya jaribio baadaye, na ndani ya muda gani. Jaribio lenyewe linahitaji mwanasesere, mfuko, barakoa na mkufunzi mmoja. Linaweza kufanyika hata kwenye kituo anachofanyia kazi muuguzi huyo. Kumtaka arudie siku zote tatu kwa sababu ya mchana mmoja ni kumkomoa.

Lakini kumpa cheti cha kufuzu kwa kumwonea huruma ni kumpangia zamu ya usiku katika wodi ya wazazi mtu ambaye hajapimwa. Apangiwe siku, apimwe, akifaulu akabidhiwe cheti siku hiyo hiyo.