Mahadhi ya Dansi Madhabahuni: Tuyapime kwa Masikio ya Washarika

Ndugu zangu walimu wa kwaya na watunzi wa nyimbo za ibada, kila Krismasi na Pasaka zinapokaribia hujitokeza mtunzi mwenye maneno mazuri aliyoyavika mahadhi ya kuazima, yaliyotoka kwenye dansi, taarabu au Bongo Fleva. Wazee wa kanisa wakimuuliza, jibu analo tayari: hata Martin Luther alizichukua nyimbo za vilabuni akazitia maneno ya Mungu. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi hata watu wakaacha kuuliza kama ni kweli. Naomba leo tuulize, maana habari yenyewe ya Luther inafundisha karibu kinyume cha hayo.

Luther alitunga nyimbo zaidi ya 30. Mahadhi ya nyingi katika hizo ama yalitungwa upya, ama yalitoka katika nyimbo za kale za Kilatini na nyimbo za dini ambazo Wajerumani walikuwa wakiziimba kabla yake. Wimbo unaojulikana wazi kuwa aliuazimia mahadhi ya mtaani ni ule wa Krismasi, Vom Himmel hoch, ambamo malaika anashuka kutoka juu mbinguni akiwaletea watu habari njema. Zamani hizo vijana wa Kijerumani walikuwa na mchezo wa mafumbo. Kijana huingia barazani, hujitambulisha kwa wimbo kuwa ametoka nchi za mbali na ana habari nyingi, kisha humtegea binti fumbo, na akishinda hupewa shada la maua. Luther aliuchukua mwanzo wa wimbo ule pamoja na mahadhi yake, na mgeni wa nchi za mbali akawa malaika. Ulichapishwa hivyo mwaka 1535.

Tazameni jinsi alivyochagua kwa akili. Kumbukumbu iliyokuwa vichwani mwa watu, ya mgeni aingiaye na habari, ndiyo aliyoihitaji. Hata hivyo, mwaka 1539, katika kitabu cha nyimbo kilichochapishwa Leipzig na Valentin Schumann, maneno yaleyale yalitokea na mahadhi mapya kabisa, yanayoanzia sauti ya juu na kuishia chini. Wanahistoria wengi wa nyimbo hueleza kwamba mahadhi ya kwanza yaliachwa kwa sababu yalikuwa bado yakiimbwa kwenye michezo na ngoma za vijana, na kanisani watu walikuwa wakiusikia mchezo. Mahadhi ya mwaka 1539 ndiyo yanayoimbwa hadi leo. Basi anayemtaja Luther na amtaje mpaka mwisho: alijaribu, kisha mahadhi yale yakaondolewa.

Mtu anaweza kunijibu kwa Hans Leo Hassler, na ana haki. Mwaka 1601 Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi, kijana akilalamika kwamba binti mmoja ameuvuruga moyo wake. Mwaka 1613 mahadhi hayo yalikuwa yamekwisha kutiwa maneno ya mazishi ya Kikristo. Mwaka 1656 yakaunganishwa na maneno ya Paul Gerhardt juu ya kichwa cha Yesu kilichojaa damu na majeraha, na Bach akayarudia mara kadhaa katika muziki wake wa Mateso kwa mujibu wa Mathayo. Leo hakuna alihudhuriaye ibada ya Ijumaa Kuu akamkumbuka binti wa Hassler. Kwa nini haya yalifaa na yale ya mchezo wa mafumbo yakashindwa? Naona sababu mbili. Ule wa Hassler ulikuwa wimbo wa sauti tano, kazi ya wasomi wa muziki, haukuwa wimbo wa kila kijana njiani. Tena mapigo yake, yaliyokuwa na mwendo wa kuchezacheza, yalikuja kunyooshwa yakawa ya taratibu na sawasawa. Waumini wengi waliyapokea kama mahadhi mageni.

Kwa hiyo neno langu kwenu ni hili. Tusiyahukumu mahadhi kwa nia ya mtunzi, wala kwa uzuri wake, wala kwa mahali yalipozaliwa. Tuyahukumu kwa kile kinachowajia kichwani watu wa usharika huu, mwaka huu, wanapoyasikia. Hilo ni jambo la kuulizia, na linaulizika.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua: Malaika, wimbo uliovumishwa na Fadhili William na baadaye Miriam Makeba. Kijana anamwimbia mpenzi wake, anataka kumwoa, na fedha hana. Mahadhi yake ni ya upole, hayana fujo, hata bibi kizee anaweza kuyafuata. Mtunzi wetu anataka kuyatilia maneno ya toba. Anatafuta neno la kuanzia, anapata Mkombozi. Neno hilo lina silabi nne na mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu, sawa na Malaika. Linakaa barabara, na mtunzi anafurahi.

Hapo ndipo pa kusimama. Kadiri neno jipya linavyokaa vizuri mahali pa neno la zamani, ndivyo la zamani linavyoitika kwa nguvu zaidi. Silabi ni zilezile na mkazo ni uleule, na sikio lililozoea limekwisha kulitamka neno la kwanza kabla kwaya haijafungua kinywa. Msharika ataimba Mkombozi huku moyo wake ukisema Malaika. Na ubaya hauishii kwenye neno moja. Ubeti unapofika pale ambapo kijana wa wimbo wa awali analia kwa kukosa fedha, sisi tumeweka maneno ya mwenye dhambi anayelia kwa kukosa haki mbele za Mungu. Vilio viwili vinakutana mahali pamoja, na kile cha kwanza ndicho watu walichokiimba kwenye harusi na redioni maisha yao yote. Kupunguza mwendo hakusaidii, kwa kuwa Malaika huimbwa taratibu tangu mwanzo. Kubadilisha ufunguo kwenye kinanda hakusaidii pia, kwani mtu huyatambua mahadhi kwa jinsi yanavyopanda na kushuka, yakianzia juu au chini.

Haya ninayosema juu ya Malaika msiyakubali kwa kuwa nimeyasema mimi. Pimeni. Mwiteni mpiga kinanda ayapige mahadhi mnayoyataka, mstari wa kwanza na kiitikio tu, bila ngoma na bila maneno. Wasikilizaji wawe watu wachache wa aina mbalimbali, wala wasiwe wanakwaya, maana mwanakwaya amekwisha kuyapenda. Msiwaulize kama wanaujua wimbo huu, kwa sababu swali hilo linawaonyesha njia. Waulizeni: umeona nini moyoni? Kila mmoja ajibu peke yake, asimsikie mwenzake. Kisha wafundisheni maneno mapya, na baada ya wiki moja waambieni wayaimbe bila karatasi. Pale wanapokwama na neno la zamani likajipenyeza, au wanapotazamana wakatabasamu, mahadhi yamekwisha kuwajibu.

Katika kuchagua wa kuwauliza, kuna kosa ambalo kamati zetu hulifanya bila kujua. Kamati ya muziki mara nyingi ni wanaume na vijana. Wanaletewa mahadhi ya jadi, wanasema ni ya kwetu, ni ya Kiafrika, wanapitisha. Hawakumuuliza mama yeyote. Siku ya ibada kina mama wanainamisha vichwa, kwa kuwa mahadhi yale ni ya unyago, na maneno yake wanayajua wao waliochezwa, nao hawawezi kuyataja mbele ya wanaume. Wanaume wanaimba kwa furaha, nusu ya kanisa imekaa katika aibu, na hakuna wa kueleza. Wapimaji wawe wazee na vijana, wanawake kwa wanaume, wenyeji na wageni, na mama mmoja wa makamo apewe nafasi ya kusema hapana bila kulazimishwa kutoa sababu.

Wala simaanishi kwamba kila kumbukumbu ni adui. Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa wa mwaka 1966, umebebwa na mahadhi ya jadi ya Kitanzania na leo unaimbwa katika nchi nyingi. Mahadhi ya mkusanyiko na ya kuitikiana yanaweza kuyasaidia maneno ya ufufuko, yakampa msikilizaji furaha kabla hajalielewa neno. Kumbukumbu ikienda njia moja na maneno, ipokeeni kwa mikono miwili. Ikienda njia nyingine, msishindane nayo, kwa maana itawashinda.

Kuna watakaosema kwamba watu watazoea. Ni kweli, wengi watazoea. Lakini msomeni Mtume Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya nane, anapozungumza habari za nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anakubali kwamba sanamu si kitu, na hata hivyo anamwangalia yule ambaye mpaka jana alikuwa akiila nyama hiyo kama sadaka. Usharikani kwetu mtu huyo yupo. Ni yule aliyeacha pombe juzijuzi, na mahadhi ya dansi yanayomchangamsha mwanakwaya yanamrudisha yeye kwenye kiti chake cha baa. Mwanakwaya hana shida nayo kwa sababu hakuwahi kukaa pale. Mkitaka kujua gharama ya kuzoea, mwulizeni yule, kwa siri na kwa heshima.

Jambo la haki za mtunzi nalitaja kwa ufupi tu: mahadhi ya wimbo wa karibuni yana mwenyewe au warithi wake, na kuyatia maneno mengine kunahitaji idhini, hata kama ni kwa ajili ya Mungu.

Sasa, mahadhi yakishindwa mtihani, msiyatupe maneno. Luther hakuyatupa. Maneno yake yaliweza kuhama kwa sababu kila ubeti una mistari minne yenye mizani nane nane, na mahadhi yoyote ya kipimo hicho huyabeba. Tungeni hivyo nanyi. Mtunzi anayeandika maneno huku akiufuata wimbo wa redioni, akirefusha pale unaporefuka na kukata pale unapokata, ameyafunga maneno yake kwenye wimbo ule, na siku kamati ikikataa anapoteza vyote viwili. Akiyaandika kwanza kwa mizani iliyo sawa, atayapima juu ya mahadhi matatu au manne ya kipimo hichohicho, mengine yakiwa kwenye kitabu cha nyimbo tayari, mengine akiyatunga mwenyewe, na atayapeleka yote kwa wasikilizaji walewale na swali lilelile. Maneno ya toba tuliyoyaanzisha kwa Mkombozi yaandikwe hivyo, mizani nane kila mstari. Neno Mkombozi lisiwekwe mwanzoni, liwekwe mwisho wa mstari wa nne, na mpiga kinanda aitwe tena Jumamosi ijayo.