Mama Atageuzwa na Nani Usiku?

Katika mji wetu wa Bunia imeenea tabia moja ambayo kila niionapo hunikera rohoni, nayo ni ile ya wana wa tumbo moja kukutana katika kikao cha jamaa, mkubwa wao akasimama na kutamka kwa sauti nzito kwamba ukoo wetu haujapata kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee ya masista wala hautampeleka abadani, kikao kizima kikaitikia, chai ikanywewa, watu wakatawanyika, na asiwepo hata mmoja aliyeuliza ni nani atakayemwosha mama yule kesho asubuhi. Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Lakini katika vikao hivi maneno ndiyo yanayohesabiwa kuwa uungwana, na kitendo chenyewe huachiwa mke wa mwana, au, jambo lililo baya zaidi, huachiwa mjukuu wa kike wa miaka kumi na mitatu, anayetolewa shule pasipo mtu kumtaka rai.

Sitapoteza wino kuwathibitishia wasomaji wangu kwamba mzazi ana haki juu ya mwanawe. Mkristo anaijua amri aliyofundishwa tangu utotoni, Mwislamu anajua kwamba hata kumgunia mzazi aliyezeeka amekatazwa, na ikiwa yuko asiyesikia dini wala desturi, basi Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, imeandika waziwazi kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Wajibu basi hauna mjadala. Linalojadiliwa ni mikono: ni mikono ya nani, kwa saa zipi, mchana na usiku. Jamaa wakishalijibu hilo, swali la nyumba ya mwana au nyumba ya wazee huwa limekwisha kujijibu lenyewe nusu yake. Na wasipolijibu, mama ataachwa peke yake popote watakapomlaza, ijapokuwa ni katika chumba kilicho ukuta mmoja na sebule ya mwanawe.

Nawajua jamaa mmoja ambao mama yao alikimbia vita vya Djugu, akakaa kwanza katika vibanda vya wakimbizi wa ndani pale Kigonze, kisha mwanawe mwenye duka akamchukua nyumbani kwake Mudzipela. Mwana wa pili yuko Kampala, na binti wa mama huyo huchuuza samaki wa Ziwa Albert, leo Kasenyi, kesho sokoni Bunia. Siku moja ya mvua mama aliteleza akienda chooni, akavunjika mfupa wa nyonga, na aliporejeshwa kutoka hospitali alikuwa hawezi tena kusimama peke yake. Kikao kikafanywa, yakasemwa yale niliyokwisha kuyataja. Yule wa Kampala aliahidi kutuma fedha kwa simu, na kwa insafu sina budi kumshuhudia kwamba alizituma, wala hakuchelewa hata mwezi mmoja. Mama akawekwa chumba cha nyuma, juu ya godoro jembamba la sifongo, na mjukuu akatolewa shule ili amwangalie bibi yake.

Mtoto yule alimpenda bibi yake, alimpikia uji, alimfukuzia nzi, akamwacha alale kwa utulivu, naye akidhani kwamba utulivu ndio raha ya mgonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu asiyeweza kujigeuza yampasa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa uzito wa mwili ukikandamiza ngozi juu ya mfupa mahali pamoja kwa saa nyingi, damu haipiti, na nyama hufa kutoka ndani kabla ya ngozi kuonyesha kitu. Mahali penyewe panajulikana: chini ya kiuno juu ya makalio, pande za nyonga, visigino. Katika ngozi nyeupe alama ya kwanza ni wekundu, lakini katika ngozi yetu wekundu huo aghalabu hauonekani. Yakupasa kupapasa kwa kidole na kutazama kama pamekuwa peusi zaidi ya jirani yake, kama pana joto, kama pamekuwa pagumu au teketeke. Palipofikia hali hiyo, dawa ni kutopalalia tena. Mtoto hakupapasa, kwa kuwa hakuna aliyemfunza, na mkojo nao uliilowesha ngozi usiku kucha, mpaka siku binti alipotoka Kasenyi, akafunua kitenge ili amwogeshe mama yake, akakuta tundu linaloingia kidole, na harufu ambayo mwenye duka, aliyekuwa akipita mlangoni kila siku na kusalimu, aliidhania ni ya uzee.

Hapo ndipo niwaambiapo wana wa kiume wa mji huu, na nawaambia kwa uchungu: fedha ya simu haimgeuzi mtu. Ninyi ndio wale wale ambao vita vilipowamwaga watu barabarani mliwafungulia milango wageni msiowajua hata majina, mkalala watu kumi na wawili katika vyumba viwili, mkagawana bogobogo na maharagwe hata chungu kikabaki kitupu. Ukarimu huo umewaheshimisha mbele ya watu. Kwa nini basi mkono uliompokea mgeni uone haya kuinua kitambaa kilicholowa mkojo wa mama? Mnasema hiyo ni kazi ya wanawake. Yeye alipowaosha ninyi hakuuliza kama ni kazi ya nani.

Jamaa wale walikutana mara ya pili, na safari hii muuguzi aliyekuja kukiosha kidonda alikaa nao. Hakuwahutubia, aliwauliza mambo sita tu kuhusu mama: je, aweza kuoga peke yake, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani na kukaa kitini, kuzuia haja zake, na kujilisha? Maswali hayo si yake. Yalipangwa na tabibu wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake, wakayatangaza mwaka 1963, na hata leo waganga huyatumia kupima udhaifu wa mzee, kwa sababu kila jibu la hapana linadai mikono na saa yake. Mama aliweza kula mwenyewe akisogezewa sahani. Matano yaliyobaki yalikuwa hapana. Kwa mara ya kwanza wana wale waliona kwa macho yao kazi waliyokuwa wamemtwika mtoto, na mkono mmoja, kama tujuavyo sote, hauchinji ng'ombe.

Wakagawana. Mwenye duka akachukua usiku: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kumgeuza ubavu kwa ubavu, mto ukiwekwa mgongoni na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Walifundishwa kutomburuta, maana kuburuta huchuna ngozi, bali kumsogeza kwa shuka iliyotandikwa chini yake, watu wawili wakishika pembe. Mke wake akachukua asubuhi, lakini akaondolewa zamu ya dukani, jambo ambalo nyumba nyingi husahau. Fedha ya Kampala ikanunua godoro nene na mpira wa kutandika, ikamlipa mama mtu mzima wa jirani kwa saa za mchana, na binti akaleta samaki na mayai, kwani kidonda hakifungiki kwa uji mtupu. Mjukuu akarudi shule. Kidonda kilichukua miezi kufungika, nacho kilifungika.

Na hapa kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita kimya, ingawa nilikaa kuandika juu ya hili la kwanza. Mama yule, kabla kidonda hakijagunduliwa, alianza usiku mmoja kupiga kelele, akimwita marehemu mumewe na kuwafukuza watu wasioonekana, na asubuhi majirani wakanong'ona neno lile ambalo katika nchi yetu limewafukuza wazee wengi kutoka katika nyumba walizozijenga wenyewe, neno uchawi. Ni aibu iliyoje! Mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo akapayapaya na kushindwa kujua mchana na usiku, huyo ana ugonjwa wa siku ile: malaria, au uchafu katika njia ya mkojo, au kidonda kilichooza, au kukosa maji tu, kwa maana mzee aghalabu hahisi kiu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na yule ambaye akili zake zinapungua pole pole, kwa miezi na miaka, akasahau majina ya wanawe na kuuliza swali moja mara saba, huyo ana maradhi ya ubongo yanayojulikana duniani kote, wala hajamroga mtu. Mchungaji au shehe anayelijua hili akanyamaza ana taksiri kubwa kuliko mnong'onaji.

Nirudi basi kwa masista. Nyumba ya wazee si fedheha. Visiwani Zanzibar wapo wazee wanaotunzwa na serikali pale Sebleni na Welezo, na serikali hiyo hiyo tangu Aprili 2016 ilianza kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 za Tanzania wakati ule, iwe alipata kuajiriwa au hakupata, ili kwamba aliye na jamaa asiwe mzigo mtupu kwao. Kwetu Katiba, kifungu cha 49, inawaahidi wazee hifadhi maalumu, na ahadi ni deni. Lakini hata pasipo pensheni, yako majumba ambamo mzazi hafai kubaki: nyumba ambayo mchana kutwa haina mtu mzima, nyumba ambayo mzee anatangatanga usiku na barabara iko mlangoni, nyumba yenye mlevi anayepiga. Mwana anayemng'ang'ania mama katika nyumba ya namna hiyo analinda jina lake, hamlindi mama.

Na atakayempeleka asiende mchana wa Jumapili, wakati mashuka yamebadilishwa kwa ajili ya wageni. Aende jioni pasipo kuarifu. Aulize ni watu wangapi hukesha na ni wazee wangapi hulala; aombe kuviona visigino vya mmoja wao asiyejiweza; atazame kama kikombe cha maji kiko mahali mkono wa mgonjwa unapofika; na aulize kama ndugu wanaruhusiwa kuja siku yoyote. Wakimwambia siku ya kutembelea ni moja tu kwa mwezi, amshike mama yake mkono warudi.

Katika kikao cha pili cha jamaa wale, muuguzi ndiye aliyegundua kwamba mama mwenyewe hakuwa ameulizwa kitu, si mara ya kwanza wala mara ya pili, ingawa akili zake zilikuwa zimekwisha kumrudia. Wakaingia chumbani wote, wakamweleza. Akawaambia kwamba anapenda kukaa pale ziliko sauti za wajukuu, lakini siku atakapobaki mtu mmoja tu nyumbani na kumwinua kukadai wawili, wampeleke kwa masista bila kuona haya, mradi binti yake aje kumwosha siku za soko. Wakaliandika hilo katika daftari la duka, na kila mmoja akatia sahihi.