Nyanya Asikie, Nanyi Mpumue

Huenda kwenu pia nyanya akitazama habari, televisheni husikika hadi kwa jirani. Msimlaumu. Mtafutieni spika isiyo na waya ya kuvaa shingoni, iliyo na kisanduku chake cha kurushia sauti.

Lakini angalieni mnapoiunganisha. Sisi tulichomeka kisanduku kwenye tundu la hedifoni. Nyanya akasikia vyema, nasi tukabaki kutazama midomo tu, maana katika televisheni nyingi tundu hilo huzima spika zake. Tukahamia tundu lililoandikwa OPTICAL. Mara spika ya nyanya nayo ikanyamaza! Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya sauti na kuchagua PCM, kwani visanduku vingi vya aina hii havifahamu sauti ya Dolby. Sasa nyanya huongeza sauti kwa kitufe chake, nasi tunapunguza yetu kwa rimoti.

Iwapo bado sauti inamfikia lakini maneno hayashiki, msiongeze zaidi. Mpelekeni akapimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba.