Dereva akisema "saini hapa", hesabu kwanza!

Haya jamani, wiki hii nataka tuongee kuhusu vikaratasi vile ambavyo wengi mnavitupa kwenye droo. Vina kazi, tena kila kimoja na yake.

Shangazi yangu ana kaduka ka viatu Kinondoni, na madaftari namshikia mimi. Juzi kachukua kandambili jozi 50 kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla Kariakoo, shilingi 3,000 kila jozi. Mzigo ulipofika, dereva akatoa delivari noti. Hiyo inaeleza vitu gani vimeletwa na vingapi, mara nyingi haina hata bei. Tukahesabu, jozi 4 mikanda imekatika. Shangazi akaandika hapohapo, "4 mbovu, zimerudishwa", akasaini, na dereva naye akasaini, nakala zote mbili.

Kwenye leja sikuandika kitu bado. Delivari noti ni ushahidi wa mzigo, siyo wa deni. Ukiiingiza kama manunuzi, halafu ankara ikija ukaingiza tena, umenunua jozi 100 kwenye karatasi!

Ankara ikaja: shilingi 150,000, zote 50. Muuzaji aliiandika kabla mzigo haujatoka. Nikaipanga pembeni ya delivari noti, tofauti ikaonekana. Je, unakata 12,000 kwa kalamu yako na kuendelea? Hapana bwana. Niliingiza ankara kama ilivyo: debiti manunuzi 150,000, krediti muuzaji 150,000. Kisha nikadai kredit noti, delivari noti yenye saini ya dereva mkononi.

Kredit noti ndiyo karatasi ya muuzaji kukubali kwamba deni limepungua. Ilipokuja ya 12,000, nikaingiza: debiti muuzaji, krediti bidhaa zilizorudishwa. Deni likabaki 138,000.

Shangazi akalipa taslimu, akapewa risiti. Hapo debiti muuzaji 138,000, krediti fedha taslimu 138,000. Akaunti ya muuzaji ikawa sifuri. Risiti inathibitisha pesa zimetoka, haithibitishi kwamba mzigo ulikuwa mzima. Na usiiingize kama manunuzi mapya, maana manunuzi yalishaingia kwa ankara.

Sasa sikia utamu wake. Mwisho wa mwezi muuzaji akaleta taarifa ya hesabu: "Bado unadaiwa 12,000." Shangazi akaanza kupandisha sauti, nikamwambia, "Shangazi, tulia." Nikailinganisha taarifa na leja mstari kwa mstari. Ankara ipo, malipo yapo, kredit noti haipo. Karani wao alisahau kuiingiza. Nikampelekea nakala yenye namba yake, deni likafutwa siku ileile.

Bila ile karatasi tungebaki na maneno matupu, na shangazi angelipia kandambili zilizokatika mikanda. Kwa hiyo zibane pamoja kwa namba ya ankara. Tukutane wiki ijayo!