Slaidi Yako Haijatafsiriwa, Imefura Tu

Wasee, kuna uongo umezoeleka mtaani: eti Kiswahili ni kirefu sana kwa slaidi za kutafuta wawekezaji. Zii. Shida ni uoga wako wa kukata maneno.

Tuseme kijana wa Kayole anauza maji kwa mitungi, na anataka chama cha akina mama kimwekee doo. Slaidi yake ya Kizungu inasema "Revenue up 3x". Mtafsiri anaandika: "Faida ya biashara yetu imeongezeka kwa asilimia mia tatu ikilinganishwa na mwaka uliopita." Kisanduku kinajaa. Kama PowerPoint imewekwa "Shrink text on overflow", inapunguza herufi yenyewe, na mama aliyekaa nyuma haoni kitu.

Lakini herufi ndogo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni lile neno la kwanza. "Revenue" ni mapato: pesa yote iliyoingia kabla hujalipa maji, kodi na mtu wa mkokoteni. Faida ni kinachobaki. Mwaka jana yaliingia mapato ya 400,000, sasa ni 1,200,000, lakini gharama ni 1,100,000. Faida ni laki moja tu! Ukiita 1,200,000 faida, umewaonyesha wamama 1,100,000 ambazo hazipo. Hiyo si tafsiri, ni utapeli, hata kama hukukusudia.

Halafu ile "3x". Ukiongeza 300% juu ya 400,000 unapata 1,600,000. Laki nne zimetoka hewani. Andika hivi: "Mapato: mara 3 ya mwaka jana". Fupi, inatosha, na ni kweli. Hiyo 3 iache tarakimu, pale pale, saizi ile ile, maana jicho la mwekezaji huanza na namba.

Mistari yenye vidoti nayo ipe umbo moja. "Kununua tangi. Kuajiri wawili. Kufungua Umoja." Usianze na "Tutanunua", ukarukia "Ununuzi wa", ukamalizia na sentensi nzima. Maelezo mengine una mdomo, yaseme.

Namba ya kubadilisha ni saa. "8am–8pm" ni "saa 2 asubuhi – saa 2 usiku". Ukiandika "saa 8", watu watakuja mchana jua likiwaka, wakisema umechelewa kufungua.

Najua utasema hao wamama wanaelewa Kizungu. Sawa. Lakini anayetoa akiba yake atauliza kwa Kiswahili: "Hii ni mapato ama ni faida?" Kwa hivyo kabla ya kwenda kwa chama, mpe mtu asiyeijua biashara yako ile slaidi, asimame mwisho wa chumba, akuambie mwaka huu umebaki na ngapi. Akisema 1,200,000, rudi uandike upya.