Sindano Iliyomchoma Muuguzi: Saa ya Kwanza na Karatasi ya Ripoti

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, yupo binti, mke au dada anayetoka jioni kwenda zamu ya usiku hospitalini. Wa nyumbani huujua uchovu wake, na hujua kumwekea chakula. Wasilolijua aghalabu, kwa kuwa mwenyewe halisemi, ni kwamba sindano aliyomtolea mgonjwa damu imemchoma kidole. Jambo hilo ndilo tunalolizungumza wiki hii, na hasa kule kuripoti, ambako wauguzi wengi hukuogopa kwa kudhani kwamba ni kujishitaki.

Tutumie mfano tulioutunga kutokana na hali za kawaida za wodi. Ni saa 8:10 usiku katika wodi ya wazazi. Muuguzi amemaliza kumtoa damu mama aliyejifungua saa chache zilizopita, na damu hiyo yatakiwa maabara kwa haraka. Sanduku la usalama, yaani lile la kutupia sindano zilizotumika, limejaa hadi mdomoni. Basi muuguzi anajaribu kurudisha kifuniko juu ya sindano. Mkono unateleza, sindano inapenya glavu, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinatoka damu.

La kwanza ni maji na sabuni. Avue glavu, aliache jeraha litoke damu lenyewe bila kulikamua, kisha alioshe vizuri kwa sabuni na maji yatiririkayo. Kukamua hakutoi virusi; huumiza tu nyama iliyo pembezoni mwa jeraha. Wapo wanaokimbilia jiki au spiriti kali kwa dhana kwamba kikichoma ndicho kinachosafisha. Jiki huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango mpana zaidi kuliko tundu la sindano. Lau damu ingemrukia machoni, angeyasuuza kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa, pasi na sabuni.

La pili ni kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzake na kumwarifu msimamizi wa zamu papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Muuguzi hujiambia kwamba atamaliza zamu kwanza, kisha atakwenda kulala, kisha ataona. Anajua pia kwamba alikatazwa kurudisha kifuniko, naye anachelea kulaumiwa. Lakini dawa za dharura za kuzuia VVU hufaa zaidi zikimezwa ndani ya saa chache za mwanzo, na zikipita saa 72 hazianzishwi tena. Siku 3 za kusitasita huumaliza muda wote huo.

Katika mfano wetu msimamizi anaarifiwa saa 8:20, na swali lake la kwanza linahusu mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa kwenye sindano: je, hali yake ya afya inajulikana? Kitabu cha kliniki kipo kitandani, na ndani yake imeandikwa kwamba mama alipimwa VVU akaonekana hana. Mtu angeweza kupumua hapo na kulifunga jambo. Msimamizi mwenye uzoefu huitazama tarehe. Kipimo ni cha miezi 5 iliyopita, alipohudhuria kliniki mara ya kwanza. Kinaeleza hali ya siku ile, wala hakisemi lolote juu ya leo. Tena, katika ukurasa huo hakuna neno lolote kuhusu homa ya ini aina ya B wala C.

Kwa hiyo hatua mbili zinakwenda pamoja. Muuguzi anapewa kidonge chake cha kwanza, anakimeza saa 9 usiku bila kungoja majibu ya mtu yeyote. Wakati huohuo mhudumu mwingine, asiye yule aliyechomwa, anaketi na mama na kumweleza kilichotokea, kisha anamwomba ruhusa ya kumpima. Ruhusa hiyo ni lazima. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na mgonjwa akikataa, muuguzi hutibiwa kama mtu ambaye chanzo chake hakijulikani. Kwa kawaida mama akielezwa kwa upole hukubali. Kuipima sindano yenyewe hakusaidii, kwani majibu yake hayategemewi, na anayeishika huweza kuchomwa wa pili.

Sasa muuguzi anaketi kuandika. Ripoti nzuri haina maelezo marefu wala maneno ya kujitetea. Ya kwake inasomeka hivi:

“Saa 8:10 usiku, wodi ya wazazi. Nilikuwa nimemaliza kumtoa mgonjwa damu ya mshipa. Sindano yenye tundu, ikiwa na damu, ilinichoma kidole cha shahada cha kushoto nilipokuwa nikirudisha kifuniko. Nilivaa glavu. Jeraha lilipenya ngozi na kutoa damu. Sanduku la usalama lilikuwa limejaa. Nililiosha kwa sabuni na maji saa 8:12, nikamwarifu msimamizi saa 8:20. Chanjo ya homa ya ini B: nimepata 2 kati ya 3, kinga haijapimwa. Hali ya mgonjwa: VVU hakuna, kwa kipimo cha miezi 5 iliyopita, homa ya ini B na C haijulikani. Kidonge cha kwanza nimemeza saa 9:00.”

Kila neno lina kazi yake. Sindano yenye tundu hubeba damu ndani yake, nayo ni ya hatari zaidi kuliko ile ya kushonea. Kina cha jeraha, damu iliyoonekana kwenye sindano, na kuwa ilitoka moja kwa moja mshipani ni mambo yaliyothibitika kuongeza hatari katika utafiti wa wahudumu wa afya uliochapishwa mwaka 1997. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliotumia dawa ya dharura ya wakati ule walipunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa takriban asilimia 81. Jina la mgonjwa halimo, bali hutumika namba tu, kwa sababu karatasi hii itapita mikononi mwa wengi. Na lile sanduku lililojaa limeandikwa kwa sababu kulijaza kupita kiasi si kosa la aliyechomwa peke yake. Pasipo kuliandika, kesho litamchoma mwingine.

Kabla hakujapambazuka, muuguzi naye hutolewa damu ya kwake: VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Wengine hukiona kipimo hiki kama kutuhumiwa. Kumbe ndicho kinachomlinda, kwani huonyesha kwamba siku ya tukio alikuwa hana maradhi hayo. Yakija kuonekana baadaye, kipimo hicho pamoja na ripoti ndio ushahidi wake chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Bila karatasi, atathibitisha kwa lipi?

Majibu ya mama yanarudi. VVU hakuna, wala hapana dalili au habari ya kumfanya mtu ashuku maambukizi mapya ambayo kipimo hakijayaona. Homa ya ini C hakuna. Homa ya ini B ipo.

Ni VVU vinavyomtia muuguzi hofu kuu, ilhali kwa mchomo wa sindano yenye damu yenye VVU, pasipo dawa, wanaoambukizwa ni takriban 3 kati ya 1000. Kwa homa ya ini B, mtu asiye na kinga ya chanjo huambukizwa mara 6 hadi 30 kati ya michomo 100, kwa kadiri ya wingi wa virusi katika damu ile. Muuguzi wetu aliikatiza chanjo katika sindano ya pili, kama wafanyavyo wengi, maana ya tatu huja miezi 6 baada ya ya kwanza na shughuli humsahaulisha mtu.

Daktari anamsimamishia dawa za VVU, kwani mama hana virusi hivyo na muuguzi mwenyewe ameonekana hana homa ya ini B. Hilo la pili ni muhimu: vidonge hivyo huikandamiza pia homa ya ini B, na mtu aliye nayo akiviacha ghafla ini lake laweza kuchafuka. Kisha muuguzi anachomwa sindano ya kingamwili iliyo tayari dhidi ya homa ya ini B, na katika mkono wa pili anamaliziwa chanjo. Kingamwili hiyo hufaa zaidi ndani ya saa 24, na baada ya siku 7 haitegemewi tena. Haipatikani kila hospitali. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani, zipatikane za kuitafuta. Atapimwa tena baada ya miezi 6. Mpaka hapo asitoe damu ya msaada, lakini anaweza kunyonyesha na kuishi na mumewe kama kawaida.

Mama naye ana faida yake. Mwanawe, mwenye umri wa saa chache, apate chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, jambo ambalo lingepita bila yeyote kujua.

Lau VVU ndivyo vingeonekana, dawa zingeendelea kwa siku 28 kamili, kidonge kimoja kwa siku. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi huweza kutokea siku za mwanzo, na wengine huacha dawa kwa sababu hiyo. Nyumbani wakijua, humsaidia asiache. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma au chokaa, kama wafanyavyo waja wazito, amweleze daktari, kwani hupunguza nguvu ya dawa vikimezwa pamoja bila chakula. Katika mwezi wa Ramadhani kidonge hicho humezwa wakati wa futari au daku, mradi saa iwe ileile kila siku. Mume na mke hutumia kondomu hadi kipimo cha miezi 3, na anayenyonyesha huzungumza na daktari mapema.

Akirudi asubuhi akawaambia kwamba amechomwa, muulizeni mambo matatu: umeosha saa ngapi, umemeza dawa saa ngapi, na ripoti umeiandika? Jibu la tatu likiwa “bado”, mmoja wenu afuatane naye arudi hospitalini asubuhi ileile, kabla hajalala.